Soda ikifunguliwa na ikapata joto, gesi inaenda wapi?

"Nilikuwa na chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, nikanywa nusu taratibu, halafu nikaiminya chupa hewa itoke ndo nikafunga kifuniko kwa nguvu, nikaiacha mezani na siku ilikuwa na joto. Mchana nikafungua mara moja nikapiga funda nikafunga tena. Jioni imekufa kabisa, ni maji ya sukari. Nikaiweka friji usiku kucha, gesi haijarudi. Mwenzangu alifanya vile vile ila yake ilikaa friji muda wote na wala hakuiminya, na bado ilikuwa inawasha ulimi. Nimekosea wapi, na kuna namna ya kuirudisha gesi?"

Ndugu yangu, kufunga kwa nguvu ulifanya sawa, ila kuna vitu viwili vilikuangusha, joto la mezani na ile nafasi tupu iliyobaki ndani ya chupa. Kuminya hakukukusaidia chochote, na nitakuonyesha kwa nini, maana hilo wengi wanaliamini na ukilifikiria haraka haraka unaona lina mantiki.

Tuanzie kiwandani. Gesi iliyo kwenye soda ni kaboni dayoksaidi, CO2, hiyo hiyo tunayotoa tukipumua. Haikai kwenye soda kama mapovu madogo yaliyojificha, hapana, imeyeyuka ndani ya maji kama sukari ilivyoyeyuka, ndiyo maana chupa ambayo haijafunguliwa ukiiangalia kwenye mwanga huoni povu hata moja. Soda nyingi zina kama gramu 6 hadi 8 za gesi kwa lita, mimi hapa nitatumia 7 ili hesabu iwe rahisi. Chupa yako ya nusu lita basi ilikuwa na gramu 3 na nusu. Inaonekana kidogo, lakini gesi yote hiyo ukiitoa nje ikakaa kwa presha ya kawaida inajaza karibu lita 2, yaani mara nne ya chupa yenyewe.

Sasa inakuwaje lita 2 za gesi zikae kimya ndani ya nusu lita ya maji? Jibu lilipatikana mwaka 1803 na mkemia Mwingereza William Henry, na kanuni yake inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Alichogundua ni kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji kinalingana na presha ya gesi hiyo hiyo iliyo juu ya maji. Presha ikiwa mara mbili, maji yanabeba mara mbili. Ikishuka nusu, maji yanabeba nusu na kinachozidi kinatoka. Weka alama kwenye maneno "gesi hiyo hiyo", maana ndo yatakayotusaidia mbele kwenye mambo ya kuminya.

Ila usifikirie kwamba presha imeigandisha gesi ndani ya maji. Muda wote kuna molekuli za CO2 zinatoka kwenye maji zinaingia kwenye ile nafasi ndogo chini ya kifuniko, na nyingine zinatoka kwenye nafasi zinarudi majini. Chupa ikiwa imefungwa zinazotoka na zinazorudi zinakuwa sawa, kwa hiyo kwa nje unaona kama hakuna kinachoendelea. Ukifungua kifuniko, ile gesi ya juu inakimbia, ndo ule mlio wa "pssss", na kuanzia hapo kutoka kunaendelea kama kawaida ila wa kurudi hawapo. Kwenye hewa tunayovuta kati ya sehemu 10,000 ni kama 4 tu ndo CO2. Soda ikiachwa wazi inatafuta kulingana na hizo 4, na hapo gesi itakayobaki ndani yake ni kama vile hakuna.

Hapo nimesema habari ya presha tu, joto bado. Na joto ndo lililokutenganisha wewe na mwenzako.

Sukari ukipasha maji inayeyuka zaidi, kwa hiyo watu wengi wanadhani kila kitu kiko hivyo. Gesi iko kinyume. Molekuli ya CO2 ikiwa majini imeshikwa na molekuli za maji kwa mshiko dhaifu tu, na joto si kitu kingine ila molekuli kutikisika, kwa hiyo maji yakipata joto mtikisiko unazidi mshiko na zinazochomoka zinakuwa nyingi kuliko zinazoshikika. Kwa namba iko hivi: juu ya maji kukiwa na CO2 tupu kwa presha ya kawaida ya hewa, maji ya nyuzi 4, ambalo ndo baridi la friji, yanabeba kama gramu 2.8 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 1.26. Mdomoni mwako kwenye nyuzi 37 ni kama gramu 1. Shika hizi tatu, 2.8 na 1.26 na 1, tutazitumia kwenye hesabu zote za mbele.

Mfano soda yenye gramu 7 kwa lita ikiwa haijafunguliwa iko friji, presha ndani yake ni 7 gawa kwa 2.8, yaani mara 2 na nusu ya presha ya hewa. Chupa hiyo hiyo kwenye nyuzi 30 ni 7 gawa kwa 1.26, inafika mara 5 na nusu. Ndo maana chupa iliyopata joto ukiishika ni ngumu kama jiwe na ya baridi inabonyea kidogo. Na ukiifungua hiyo ya moto inafoka mpaka inakumwagikia, kwa sababu sekunde moja iliyopita maji yalikuwa yanabeba gramu 7 na sasa yanaruhusiwa 1.26 tu, tofauti yote hiyo inataka kutoka kwa wakati mmoja. Ya baridi inaruhusiwa 2.8, tofauti ni ndogo, na baridi pia inaipunguzia gesi mwendo, ndo maana inatoka kwa utulivu.

Turudi kwenye chupa yako. Ulikunywa nusu taratibu, na muda wote huo ilikuwa wazi inapoteza, tuseme wakati unafunga kifuniko ilikuwa imebaki na gramu 4 kwa lita. Una robo lita ya soda na juu yake robo lita ya nafasi. Umefunga vizuri, hakuna kinachotoka nje ya chupa. Ila gesi haihitaji kutoka nje ya chupa ili soda yako iishe gesi, inatosha itoke kwenye soda iingie kwenye nafasi. Na itatoka, mpaka nafasi ijae CO2 ya kutosha ili zinazorudi zilingane na zinazotoka.

Zinagawanaje? Kwenye nyuzi 30 lita moja ya nafasi ikiwa na CO2 kwa presha ya kawaida inabeba kama gramu 1.77, na lita moja ya maji inabeba 1.26. Kumbe kwenye joto hilo nafasi tupu inabeba gesi nyingi kuliko maji yenyewe! Soda na nafasi ziko sawa sawa kwa ukubwa, kwa hiyo gesi inagawanyika, nafasi inachukua karibu 6 kwenye kila 10 na soda inabaki na 4. Zile gramu 4 zako kwa lita zikawa 1.7 hivi kabla hujagusa chochote.

Mchana ukafungua. Ile gesi yote iliyokaa juu ikaondoka kwa mlio, ukapiga funda, ukafunga tena, na mgawanyo ukaanza upya kwa kilichobaki. Soda ikabaki na 4 kati ya kila 10 za ile 1.7, yaani 0.7. Jioni ukaonja. Kumbuka mdomoni maji yanaweza kubeba gramu 1, na soda yako ina 0.7, hakuna hata chembe iliyozidi, kwa hiyo hakuna povu linaloweza kuzaliwa juu ya ulimi wako. Hukuwa unatia chumvi uliposema imekufa kabisa.

Mwenzako sasa. Tuseme na yeye alifunga ikiwa na gramu 4, chupa nusu, ila iko nyuzi 4. Hapo lita ya maji inabeba 2.8 na lita ya nafasi inabeba kama 1.94, maji ndo yanashinda, soda inabaki na karibu 6 kwenye kila 10. Kwa hiyo 4 inakuwa 2.4, na baada ya kufungua mara moja na kufunga inakuwa 1.4. Sasa angalia kitu ambacho mimi nakipenda sana kwenye hii hesabu. Hiyo 1.4 iko chini ya 2.8, maana yake akimimina kwenye glasi ikiwa baridi hataona mapovu yakizaliwa, ataiona imelala kabisa. Lakini akiinywa inapata joto mdomoni, kikomo kinashuka kuelekea gramu 1, ile 0.4 iliyozidi inatafuta pa kutokea hapo hapo kwenye ulimi. Soda ya baridi inabeba gesi yake kimya kimya mpaka mdomoni, ya moto inakuwa imeshaimaliza njiani.

Kuwasha kwenyewe si kwa sababu ya mapovu kupasuka tu. Ulimini kuna kimeng'enya kinachogeuza CO2 kuwa asidi ya kaboni haraka sana, na asidi hiyo ndo inachoma choma. Ikikosekana, sukari inabaki peke yake mbele na unaona soda imekuwa tamu kupita kiasi, wakati sukari haijaongezeka hata punje.

Haya, kuminya. Wazo la watu ni kwamba hewa iliyo juu ndo inayoiharibu soda, kwa hiyo ukiitoa umepona. Rudi kwa Henry: kinachohesabika ni presha ya gesi hiyo hiyo, CO2. Hewa ikiwepo au isiwepo, soda haijali, itatoa CO2 mpaka CO2 ya juu itoshe. Na ukiminya unakuwa umetengeneza chupa iliyokunjamana ambayo plastiki yake inataka kurudi duara. Gesi inayotoka kwenye soda inaisukuma, chupa inanyooka yenyewe, na ikishanyooka nafasi ni ile ile robo lita na imejazwa na gesi iliyotoka wapi? Kwenye soda yako. Bila shaka jioni uliikuta imesharudi umbo lake, na hicho ndo kipimo chako cha macho kuona gesi imehama. Mwanzoni mambo ni mabaya kidogo kuliko kutominya, maana plastiki inayojivuta kurudi inapunguza presha ndani na gesi inatoka kwa haraka zaidi. Kama ungeweza kuifunga chupa ikabaki imeminywa hivyo hivyo bila kunyooka, hapo kweli ungepunguza nafasi, ila kwa mikono mitupu chupa haikubali.

Kosa hilo hilo liko kwenye vile vipampu vidogo vinavyofungwa mdomoni mwa chupa unapampu hewa mpaka iwe ngumu. Chupa inakuwa ngumu kweli, na ukifungua inalia "pssss" kubwa kweli, ila hiyo ni hewa uliyoiingiza mwenyewe, karibu yote ni naitrojeni na oksijeni. CO2 inaendelea kuhama kama vile hizo hazipo. Mlio wa kufungua unakuambia kilichokuwa juu ya soda, haukuambii kilichobaki ndani ya soda.

Kinachosaidia ni kupunguza nafasi kikweli. Ukijua hutaimaliza, chukua chupa ndogo safi yenye kifuniko cha kukaza, iwe ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya soda, hamishia iliyobaki ikiwa bado ya baridi, inamisha chupa zote mbili soda iteleze ukutani badala ya kuanguka, jaza mpaka karibu na mdomo, funga, friji. Utapoteza kidogo wakati wa kumimina, hilo haliepukiki, lakini nafasi ikiwa ndogo mgawanyo nao unakuwa mdogo. Kama huna chupa ndogo basi iache kwenye friji na usiifungue fungue, maana kila ukifungua unamwaga fungu zima. Na chupa ikibaki robo tu ya soda, nafasi ni mara tatu ya kinywaji, hata ndani ya friji soda inabaki na theluthi tu ya gesi yake, hapo afadhali uimalize.

Kwenye kumimina kuna jambo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua glasi ya soda iliyomiminwa sasa hivi uiweke usawa wa macho. Utaona mapovu hayatoki kila mahali, yanatoka kwenye vidoa fulani tu, moja baada ya jingine kama shanga kwenye uzi, na kila moja linanenepa likipanda kwa sababu linakusanya gesi njiani. Pale kwenye kidoa mara nyingi kuna kipande cha uzi wa kitambaa ulichofutia glasi au mkwaruzo uliobana hewa kidogo. Povu jipya kabisa haliwezi kuanza katikati ya maji safi, likiwa dogo sana ngozi ya maji inalibana mpaka linazimika, linahitaji kimfuko cha gesi kilichokwisha kuwepo ili lianzie hapo. Ndiyo maana soda ikiwa kwenye glasi inaisha gesi mapema kuliko kwenye chupa yake laini, na ndiyo maana chupa iliyotikiswa inafoka, kutikisa kumesambaza vipovu vidogo vidogo kila kona na kila kimoja ni mahali pa kuanzia. Ukiiacha itulie vinapanda juu vinaisha, na gesi iko vile vile.

Kuhusu kuirudisha kwa friji usiku kucha. Baridi inaongeza uwezo wa maji kubeba gesi, ila haitengenezi gesi. Ungeiweka friji kabla ya kufungua jioni, sehemu ya ile iliyokaa kwenye nafasi ingerudi majini, taratibu, kwa saa kadhaa. Wewe ulifungua kwanza ukaimwaga ndo ukaipoza, haikuwa na cha kurudi nacho. Hapo hapo nikutoe wasiwasi mwingine ambao watu huwa nao, soda ambayo haijafunguliwa ikipata joto siku nzima haijaharibika kwa upande wa gesi. Nafasi yake ni ndogo, gesi karibu yote bado iko ndani, ipoze vizuri mpaka katikati ndipo ufungue.

Iliyokwisha kufa inarudishwa kwa njia moja tu, kuipa CO2 mpya kwa presha ikiwa baridi, kwa mashine ya kutia gesi. Kabla hujajaribu soma maelekezo yake, nyingi ni za maji matupu tu, ukiweka kitu chenye sukari kinatoa povu mpaka kwenye vali na kuziziba. Na tafadhali sana usijaribu kutia barafu kavu kwenye chupa ukafunga kifuniko. Ile ni CO2 iliyoganda, kipande kidogo tu kinageuka kuwa lita nyingi za gesi na chupa inalipuka mkononi, watu wameumia vibaya kwa hilo.

Kunywa soda iliyoisha gesi hakuna sumu, ila ikikaa wazi kwenye joto siku nzima, hasa kama imenywewa kwa mdomo, ni maji ya sukari yenye vijidudu, imwage. Kama unanunua chupa mpya na kila mara unazikuta hazina mlio na zinabonyea kirahisi hata zikiwa za moto, kifuniko kinavujisha au zimekaa miezi mingi kwenye stoo, maana plastiki yenyewe hupitisha CO2 kidogo kidogo, zirudishe ulikonunua waziangalie. Kinyume chake, kinywaji kisicho na gesi kama juisi ukikuta chupa au boksi limevimba, hapo gesi imetengenezwa na vijidudu, usionje hata kidogo. Na chupa ya kioo iliyokaa juani usiifungue ikiwa karibu na uso, ipoze kwanza, na kifuniko kikikurukia jichoni au kipande cha kioo kikiingia usisugue, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama unaona vizuri.

Ukitaka kuyaona yote haya kwa macho, chukua chupa mbili ndogo za soda zinazofanana, zipoze, zifungue, kila moja uvalishe puto mdomoni. Moja isimamishe kwenye beseni la maji yenye barafu, nyingine kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya kuchemka. Nimelifanya hili mara nyingi na wanafunzi. La vuguvugu linasimama ndani ya dakika chache, la barafu linabaki limelegea limeinama pembeni, na ukizitoa zote mbili ukaonja utajua gesi ya puto lile lililosimama ilitoka wapi.